Somo la Zoom la dakika 35 linaloleta wanafunzi wa kulipa, siyo watazamaji tu

Meseji ninayoipokea mara kwa mara kutoka kwa wenzangu wenye vituo vya mafunzo, wa hapa Tanga mjini na wa Muheza na Korogwe, ni hii: "Nilienda laivu, watu walijaa, mbona hakuna aliyejiandikisha?" Inayofuatia huwa: "Nitumie Zoom au Instagram?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote.

Mimi nafundisha hesabu za duka kwa Excel. Darasa ni Jumamosi sita, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Ngamiani, viti 12, ada shilingi 150,000. Mfano wote utakuwa wa darasa hilo. Wewe unayefundisha ushonaji au udereva badilisha bidhaa, hatua zibaki vilevile.

Kwanza tuelewane kuhusu mtu tunayemtafuta. Mteja mtarajiwa wa kweli kwangu ana mambo matatu: ana duka au analisimamia, anaweza kufika Ngamiani Jumamosi, na tatizo la hesabu linamuuma sasa hivi. Mtu aliyebonyeza moyo kwenye laivu yangu akiwa Mwanza simhesabu, hata akisifia vipi. Watazamaji wa laivu ni kama wageni wa Tanga kwenye ule msemo, waja leo waondoka leo, na hawakuachii hata namba ya simu.

Ndiyo maana laivu ya Instagram au TikTok mimi naitumia kutangazia tu, na kuchuja watu nafanyia WhatsApp na Zoom, kwa somo moja la bure la dakika 35 kabla ya darasa. Isitoshe, tangu 2025 Instagram inataka uwe na wafuasi 1,000 na akaunti ya wazi ndipo uende laivu, kwa hiyo kituo kipya kinakwama mlangoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laini ya simu ya kazi yenye WhatsApp Business. Usitumie ya nyumbani, utakuja kujuta.
- Kompyuta yenye Zoom. Akaunti ya bure inatosha: inabeba watu 100 kwa dakika 40.
- Simu ya pili yenye bando la mtandao tofauti na ule wa kompyuta.
- Msaidizi mmoja. Mtu akifundisha huku anafungulia watu mlango, anaharibu vyote viwili.
- Ukurasa wa Facebook au Instagram, na kadi inayokubali malipo ya mtandaoni kwa ajili ya tangazo. Mimi hutenga shilingi 30,000.
- Daftari. Ndiyo, daftari la karatasi.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, usichague mada

"Umuhimu wa kutunza kumbukumbu za biashara" ni mada, na haimtoi mtu dukani. Mimi natangaza hivi: "Mfuko wa sukari wa kilo 50 unakuachia shilingi ngapi hasa?" Mwenye duka anajiona humo. Asiye na duka anapita zake, na ndivyo ninavyotaka. Tangazo zuri hufukuza watu wasiohusika kabla hawajakula muda wako.

Kwenye picha ya tangazo weka pia mahali na ada. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" inakuletea watu sitini wa kuuliza bei na kunyamaza.

Hatua ya 2: Panga siku na saa kwa kuangalia mji

Mimi huweka Jumanne saa 2:30 usiku. Maduka mengi ya mitaani yanakuwa yanafungwa au yamepunguza wateja, na Isha imeshaswaliwa. Mwezi wa Ramadhani saa hiyo watu wako Tarawehe, kwa hiyo sogeza mbele au acha kabisa hadi mfungo uishe. Angalia na ratiba ya mpira. Nilishawahi kuweka somo usiku wa mechi kubwa, nikafundisha watu wanne, na mmoja wao alikuwa mke wangu.

Andika saa kwa Kiswahili: "Jumanne, saa 2:30 usiku." Zoom ikikutengenezea mwaliko inaandika 8:30 PM, na wapo watu watakaosoma saa 8:30 mchana na kukutukana kwamba umewadanganya. Usitume mwaliko wote, nakili linki peke yake.

Hatua ya 3: Tengeneza linki ya kujiandikisha kwa WhatsApp

Fomu za mtandaoni ni nzuri, ila mwenye duka wa Makorora akiona fomu ya maswali kumi anaifunga. Mlete moja kwa moja kwenye WhatsApp, ujumbe ukiwa umeshaandikwa tayari, yeye abonyeze kutuma tu. Linki inakuwa hivi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=SUKARI%20F
```

Pale kwenye X weka namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika 2550 halafu namba. Linki itafunguka na kukwambia namba haipo, na wewe utakaa unasubiri meseji. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuitangaza.

Ile herufi ya mwisho ni ya kwako. F ni Facebook, I ni Instagram, S ni statusi za WhatsApp. Tengeneza linki tatu zinazotofautiana herufi hiyo tu. Mwisho wa kazi utajua fedha yako ilifanya kazi wapi.

Hatua ya 4: Tangaza siku tano, siyo zaidi

Naanza Alhamisi, namaliza Jumatatu, shilingi 6,000 kwa siku. Ukianza wiki mbili kabla, watu wa mwanzo wanakuwa wameshasahau.

Unapobusti posti, lengo lichague lile la `Get more messages`. Ukiacha lile la kupata watu wa kulaiki, utapata laiki kama ulivyoomba. Halafu angalia eneo. Ukiandika Tanga, tangazo linaweza kukuchukulia mkoa mzima, ukawa unalipia kumwonyesha mtu wa Lushoto ambaye hawezi kushuka mlimani kila Jumamosi. Weka alama kwenye ramani pale mjini na kuzungusha duara linalofika Pongwe, basi.

Statusi usizidharau. Waombe wanafunzi wako wa zamani wenye maduka waiweke picha pamoja na linki ya S. Mtu akiona jirani yake wa duka ameiweka, haulizi kama ni utapeli.

Hatua ya 5: Uliza maswali matatu kabla ya kutoa linki ya Zoom

Hapa ndipo uchujaji unapoanza. Meseji ikiingia, tuma jibu hili ulilolihifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business:

"Asante kwa kutuandikia. Somo ni bure, Jumanne saa 2:30 usiku. Ili tukuandalie nafasi, tujibu haya matatu: 1) Duka lako ni la nini, na liko mtaa gani? 2) Mauzo ya kila siku unaandika wapi: daftari, simu au kichwani? 3) Darasa la Jumamosi asubuhi Ngamiani ungeweza kuja? Namba yako tutaitumia kwa somo hili na kukueleza darasa tu. Tafadhali ihifadhi namba hii, bila hivyo hutapata linki."

Sentensi mbili za mwisho zina sababu. Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na mtu ana haki ya kujua namba yake unaitakia nini. Na kuhusu kuhifadhi: ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Wengine hawaoni chochote, wala wewe huambiwi wazi kwamba hawajaona.

Asiyejibu maswali, mkumbushe mara moja Jumatatu. Akinyamaza, mwache. Anayejibu, mpe lebo kwenye WhatsApp na uandike majibu yake kwenye daftari, mstari mmoja kwa mtu mmoja. Lile jibu la swali la pili ni dhahabu, utalihitaji kwenye simu.

Onyo: usiwaingize watu hawa kwenye grupu. Namba za wote zinaonekana kwa wote, na kina mama wataanza kupata meseji za usiku kutoka kwa wanaume wasiowajua. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa hilo. Dada mmoja wa Chumbageni alinipigia kunisema hadi nikanywea, na alikuwa na haki.

Hatua ya 6: Andaa Zoom mapema

Kwenye mipangilio washa `Waiting Room` na `Mute participants upon entry`. Kushea skrini kuwe `Host only`, la sivyo kuna siku mtu atakuonyeshea mambo ambayo hutaki kuyaeleza kwa wazazi wa watu. Watu waruhusiwe kuandika ujumbe kwako tu, maana kuna wajanja wanaokuja kuuza virutubisho kwenye somo lako.

Dakika 40 za bure zinaanza kuhesabiwa unapofungua kikao. Kwa hiyo majaribio ya sauti fanya kwenye kikao kingine, ukifunge. Kikao chenyewe fungua saa 2:30 kamili, wanaowahi watakusubiri nje.

Linki tuma mara mbili: saa 2:00 usiku, na tena saa 2:25. Ukiituma asubuhi, itakuwa imezama chini ya meseji za magrupu ya harusi.

Hatua ya 7: Fundisha dakika 20, uza dakika 5

Wanakuangalia kwa simu, wengine simu yenye kioo kilichopasuka. Karatasi ya Excel ikuze hadi ibaki na safu tatu tu zinazoonekana. Ukijaza safu kumi, wataona sisimizi tu.

Dakika tatu za kwanza ni salamu na kuwaomba waandike mtaa wao. Baada ya hapo naingia kwenye mfuko wa sukari, na nauliza: "Umenunua 140,000, unauza kilo moja 3,200. Faida ngapi?" Wote wanaandika 20,000. Hapo naanza kujaza mbele ya macho yao. Nauli ya guta, 2,000. Mifuko ya kufungia, 1,500. Halafu nauliza kilo ngapi zimeenda jikoni nyumbani. Kimya kidogo, kisha zinaanza kuingia: moja, mbili, "sijui." Naweka mbili. Zimebaki 48 za kuuza, sawa na 153,600. Toa 143,500. Iliyobaki ni 10,100.

Nusu ya faida waliyokuwa nayo kichwani imeyeyuka, na hakuna aliyeiba. Naiacha ile namba kwenye skrini nusu dakika bila kusema neno. Hili ndilo somo zima, na sifundishi la pili. Ukitaka kuonyesha unajua mengi, utamaliza muda na watu watatoka wamechoka.

Kisha dakika tano za darasa: linafundisha nini, siku gani, ada 150,000, kiti kinashikwa kwa 50,000, viti ni 12. Sema ada kwa sauti ya kawaida kama unavyotaja bei ya nyanya. Dakika saba za mwisho ni maswali.

Hatua ya 8: Wape kazi ndogo ya kutuma

Kabla hujafunga, sema: "Chukua bidhaa moja ya dukani kwako, piga hesabu kama tulivyofanya, nitumie picha WhatsApp kabla ya kesho saa 6 mchana. Nitakuangalizia kama umekosea."

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Kuhudhuria ni rahisi, mtu anaweza kuwa amelala huku Zoom iko wazi. Lakini mtu aliyekaa usiku akapiga hesabu ya ndoo ya mafuta ya kula, akaona aibu ya namba, na bado akakutumia, huyo ana tatizo na anataka litatuliwe. Wape kundi:

Kundi la kwanza ni waliotuma kazi na kusema Jumamosi wanaweza. Kundi la pili ni waliokaa hadi mwisho bila kutuma kazi, au waliotuma lakini Jumamosi haiwezekani. Kundi la tatu ni waliobaki.

Hatua ya 9: Piga simu, usiandike

Kundi la kwanza lipigiwe siku hiyohiyo kazi inapoingia. Kundi la pili Alhamisi. Kundi la tatu litumie ujumbe mmoja wa asante na tarehe ya somo lijalo, usilipigie.

Usianze na darasa, anza na hesabu yake. Simu yangu mojawapo na mama mwenye duka la vyakula ilikwenda hivi:

"Shikamoo mama. Nimeiona hesabu yako ya mafuta."

"Marahaba mwanangu. Nimekosea?"

"Hesabu iko sawa. Ila hapa umeandika yanakuachia 2,000 kwa ndoo. Nauli umeweka?"

"Nauli?" Akanyamaza. "Basi hainiachii kitu."

"Na kwenye maswali ulisema mauzo unaandika kichwani."

"Kichwa chenyewe kimeshazeeka."

Hapo ndipo nikamwambia Jumamosi ya pili ya darasa tunafanya nini hasa. Akauliza mwenyewe kama anaweza kulipa mara tatu.

Mtu akikubali, mtumie Lipa Namba papo hapo na umpe hadi kesho yake jioni. Bila malipo ya awali kiti hakijashikwa, hata akiapa.

Namba za somo langu la mwisho

Meseji za kujiandikisha ziliingia 61. Waliojibu maswali matatu ni 44. Usiku wenyewe waliingia 29, na dakika ya 30 walikuwa wamebaki 22. Kazi walituma 13. Kati yao, 9 walikuwa wa kundi la kwanza, nikawapigia wote. Sita walilipa 50,000 ndani ya siku tatu. Kundi la pili liliniongezea mmoja wiki iliyofuata.

Nilitumia 30,000 za tangazo na 5,000 za bando, yaani shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi. Nilipochungulia zile herufi kwenye daftari, wanne kati ya saba walikuwa S, statusi ambazo sikuzilipia hata senti. Facebook ilileta meseji nyingi zaidi lakini wanafunzi wawili tu. Ningehesabu meseji peke yake, ningeongeza fedha pasipostahili.

Mambo yakienda kombo

*Tangazo linatembea, meseji haziji.* Bonyeza linki mwenyewe kwanza. Ikifunguka vizuri, basi tatizo ni swali lako la hatua ya 1. Libadilishe, usiongeze fedha.

*Meseji nyingi, majibu ya maswali machache.* Ama unachelewa kujibu, ama lengo la tangazo limekuletea wabonyezaji. Mtu akikaa saa tatu bila jibu ameshahamia kwa mwingine. Chini ya nusu wakijibu, angalia hivyo viwili kabla ya kulaumu watu.

*Walijibu lakini hawakuingia Zoom.* Fungua ujumbe uliotuma kwa orodha, bonyeza taarifa zake, uone umewafikia wangapi. Ambao haukuwafikia hawajahifadhi namba. Watumie linki mmoja mmoja, ni kazi ya dakika kumi kwa msaidizi. Wengine hawana Zoom kwenye simu, kwa hiyo Jumatatu waambie waipakue kabisa.

*Umeme umekatika katikati ya somo.* Msaidizi awe ameshaingia kwa simu ya pili. Wewe ukipotea, anawashikilia watu kwa mazungumzo hadi urudi kwa simu. Hesabu ya sukari niliichapisha pia kwenye karatasi kubwa, na siku moja nilimalizia somo nikiwa nimeishika mbele ya kamera kwa mwanga wa tochi.

*Zoom imekata dakika ya 40.* Jaribu kufungua tena kikao kilekile. Utapoteza baadhi ya watu, kwa hiyo ile kazi ya hatua ya 8 itaje dakika ya 30, isije ikakatiwa njiani.

*"Nitakutafuta."* Muulize swali moja: "Kinachokuzuia ni ada, ni siku, au hujaona kama litakusaidia?" Wa ada mpe malipo ya awamu. Wa siku mwandike kwa darasa la Jumapili ukilifungua. Wa tatu mshukuru, usimpigie tena. Wakifika watano wanaotaja siku, anza kutafuta mwalimu wa Jumapili.